Usimpelekee Pilau Siku ya Dripu

Mtu wa nyumbani akianza kuchomwa dawa za saratani, familia nyingi humpikia kile anachokipenda kuliko vyote. Mama aliyesifika kwa kupenda pilau atapelekewa pilau hospitalini, tena limekolezwa bizari na karafuu, likiwa la moto kwenye hotipoti, ili apate nguvu kabla ya dripu. Kusudi ni jema na upendo ni wa kweli. Lakini siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kumpa chakula anachokipenda. Huenda baada ya wiki chache asiweze tena hata kukaa karibu na sufuria ya pilau, na chuki hiyo ikaendelea kumkaa muda mrefu baada ya dawa kwisha.

Ili kuelewa sababu, ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo mgonjwa huyasikia kama jambo moja. La kwanza hutokea puani na mdomoni: dawa huharibu kwa muda sehemu zinazonusa na kuonja. La pili hutokea kwenye ubongo, ambao hujifunza kukichukia chakula kilicholiwa karibu na saa ya kichefuchefu. La kwanza aghalabu hupona lenyewe. La pili linaweza kudumu zaidi, lakini familia ina uwezo mkubwa wa kulizuia.

Tuanze na pua. Juu kabisa ndani yake, karibu na usawa wa macho, kuna eneo dogo la utando, sentimita chache za mraba tu, lenye mamilioni ya seli za neva zinazonusa. Seli nyingi za neva mwilini hazizaliwi upya zikifa. Hizi za pua huzeeka, hufa na kuzaliwa nyingine maisha yetu yote, kila baada ya mwezi mmoja au miwili hivi. Seli za ulimi zinazoonja hubadilika upesi zaidi, kwa wastani wa siku kumi. Dawa nyingi za kemotherapia huua seli zinazogawanyika haraka, kwa kuwa ndivyo saratani inavyokua. Haziwezi kutofautisha seli ya saratani na seli ya unywele, ya utando wa mdomo, ya ulimi au ya pua inayojizalisha kwa kasi. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, mdomo hupata vidonda na harufu hubadilika katika majira yale yale.

Lakini kwa nini harufu igeuke kuwa mbaya, badala ya kupungua tu? Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel waligundua jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2004. Leo tunajua kwamba binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kwamba harufu moja kama ya kahawa ina mamia ya kemikali zinazogusa aina nyingi kwa pamoja. Ubongo huitambua kahawa kwa mpangilio mzima wa vipokezi vilivyoguswa. Fikiria kikundi cha taarabu ambacho wapiga fidla na kanuni wameondoka ghafla, akabaki mpiga besi na wapiga ngoma. Wimbo ni ule ule, lakini masikio yanapata kitu kisichotambulika. Mgonjwa aliyepoteza baadhi ya vipokezi hupokea kahawa iliyopungukiwa namna hiyo, na ubongo wake huifasiri kama kitu kilichoungua, kilichooza au chenye shombo. Vinavyolalamikiwa sana ni nyama ya kukaanga au kuchoma, vitunguu, kitunguu saumu, kahawa na samaki. Vingi kati ya hivi vina kemikali kali, hasa zenye salfa, ambazo pua huzinasa hata zikiwa kidogo mno.

Harufu hiyo pia ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Bana pua yako, weka kipande cha embe mdomoni, utafune. Utaonja utamu na ugwadu kidogo tu. Achia pua, na embe lote litarudi. Tunapotafuna, harufu hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani, na bila njia hiyo ulimi unajua mambo machache tu: tamu, chumvi, chachu, chungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Kwa hiyo mgonjwa anaposema chakula kinanuka chuma, au kwamba ugali una ladha ya karatasi, hadeki wala hasingizii. Baadhi ya dawa, zikiwamo sisplatini na saiklofosfamidi, hujulikana kuacha ladha ya chuma mdomoni, na wengine huionja dawa ingali inadondoka kwenye mshipa. Hata maji ya chumvi ambayo muuguzi huyasukuma kusafisha mpira wa dripu huweza kusikika mdomoni na puani kwa sekunde chache.

Sasa twende kwenye ubongo. Mwaka 1955 mwanasayansi wa Marekani John Garcia na wenzake waliwapa panya maji matamu, kisha wakawapiga mionzi iliyowatia kichefuchefu. Baadaye panya hao waliyakwepa maji matamu, ingawa hayakuwa na hatia yoyote. Kwa mnyama anayeishi kwa kutafuta chakula, hii ni kinga nzuri: ukila kitu ukaugua, usikirudie. Fundisho hilo huingia kwa tukio moja tu, hata kama saa kadhaa zimepita kati ya kula na kuugua.

Ilene Bernstein wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alijiuliza kama jambo hilo hilo linawapata wagonjwa wa saratani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1978, watoto walipewa aiskrimu yenye ladha wasiyoizoea muda mfupi kabla ya dawa zinazochafua tumbo. Wiki chache baadaye waliulizwa wachague kati ya kuila tena na kucheza. Karibu mtoto mmoja tu kati ya watano waliopata aiskrimu na dawa hizo aliichagua. Kwa watoto waliokula aiskrimu ile bila kupewa dawa zinazochafua tumbo, walioichagua walikuwa theluthi mbili au zaidi. Miaka miwili baadaye alionyesha kwamba watu wazima nao hunaswa vivyo hivyo. Kujua kwamba mkosaji ni dawa hakusaidii. Akili inasema ni dawa, lakini sehemu ya ubongo inayolinda tumbo imekwisha kukihukumu chakula.

Hapo ndipo ilipozaliwa mbinu ambayo familia zetu zingefaidika nayo sana. Ikiwa ubongo lazima upate wa kumlaumu, basi apewe asiye na thamani. Mwaka 1987 Bernstein na mwenzake waliripoti kwamba watoto waliopewa peremende ya ladha kali isiyo ya kawaida, baada ya mlo na kabla ya dripu, walikuja kukubali chakula cha mlo ule zaidi kuliko ambao hawakupewa. Peremende ilibeba lawama. Tunaweza kuiita ladha ya kafara.

Hebu tuipitishe mbinu hii kwa mgonjwa wa mfano. Ni mama wa Dar es Salaam mwenye kilo 60, anayetibiwa saratani ya matiti. Amepangiwa doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo huufanya hata mkojo kuwa mwekundu kwa muda, pamoja na saiklofosfamidi. Atachomwa mara nne, kila baada ya siku 21. Anapenda pilau, samaki wa kupaka na chai ya maziwa yenye tangawizi.

Kuanzia jioni ya kuamkia dripu, vyakula hivyo vitatu viwekwe kando. Asubuhi ya dripu, saa mbili au tatu kabla ya dawa, ale mlo mwepesi wa vitu alivyovizoea na visivyo na harufu kali: uji usiokolezwa, mkate mkavu, kiazi cha kuchemsha au wali mweupe. Vyakula vilivyozoeleka tangu utotoni na visivyo na ladha kali huwa vigumu zaidi kuchukiwa. Vinavyoponzwa kwa urahisi ni vyakula vigeni, vyenye ladha kali, na vile vya protini kama nyama na samaki. Asishinde njaa, kwani tumbo tupu huongeza kichefuchefu.

Akishafika hospitalini, kabla dawa haijaanza kuingia, amumunye pipi yake ya kafara. Iwe na ladha kali ambayo haipo jikoni kwake na ambayo hatajuta kuipoteza. Kwa mama huyu pipi ya tangawizi haifai, maana itaiponza chai yake, wala ya nazi haifai, maana itamponza samaki wa kupaka. Pipi ya tunda fulani la kigeni inatosha. Ileile itamsaidia pia kuifunika ladha ya dawa na ya maji ya chumvi wakati dripu inaendelea. Kama ana vidonda mdomoni, au kama ni mtoto mdogo anayeweza kupaliwa, muuguzi aulizwe kwanza. Mwenye kisukari atumie isiyo na sukari.

Dawa hizo mbili zikitolewa pamoja huchafua tumbo sana. Kichefuchefu cha kwanza huja ndani ya saa 24, na kingine huweza kuendelea kati ya siku ya pili na ya tano. Siku zote hizo vyakula vipenzi viendelee kukaa mbali. Muhimu kuliko pipi yoyote ni dawa za kuzuia kutapika, kama ondansetroni na deksamethasoni, zimezwe kwa saa zilizoandikwa hata kama tumbo limetulia. Chuki ya chakula huzaliwa na kichefuchefu, kwa hiyo kila kichefuchefu kinachozuiwa ni chakula kilichookolewa. Hivyo hivyo kwa harufu za hospitali. Wapo ambao baada ya mizunguko kadhaa huanza kutapika wakisikia tu harufu ya spiriti ya kusafishia ngozi, kabla hata ya sindano. Hali hiyo hujengeka pale mizunguko ya mwanzo inapokuwa na kichefuchefu kikali. Mgonjwa aliyetapika sana mara ya kwanza aseme, ili dawa zake za kuzuia kutapika zibadilishwe au kuongezwa kabla ya mara ya pili.

Kwa kawaida, kuanzia wiki ya pili tumbo huanza kutulia, na kabla ya dripu nyingine huwa kuna siku nzuri kadhaa. Hizo ndizo siku za pilau. Familia ikiandika kwenye kalenda siku mbaya na siku nzuri za mzunguko wa kwanza, itashangaa jinsi mzunguko wa pili unavyofanana nao, na itajua lini pa kupika nini.

Jikoni, adui ni mvuke. Joto hurusha kemikali za harufu hewani, kwa hiyo chakula kile kile kikipoa hunuka kidogo. Wali wa vuguvugu, yai la kuchemsha lililopoa, mtindi baridi, parachichi, tikiti au uji wa lishe uliopozwa mara nyingi hupita pale ambapo mchuzi wa moto umeshindwa. Kukaanga vitunguu na samaki kufanyike nje, mbali na dirisha lake, au wakati ametoka. Kifuniko cha sufuria kisifunuliwe mbele yake. Apelekewe sahani iliyokwisha kupakuliwa, kidogo kidogo, na kinywaji kwenye kikombe chenye kifuniko na mrija, ili pua isipigwe kabla ya mdomo kupokea. Anayesikia ladha ya chuma atumie kijiko cha plastiki au cha mbao.

Nyama nyekundu ikimshinda, asilazimishwe. Protini ipo kwenye mayai, maharage, kunde, choroko, karanga, kuku na maziwa. Ndimu au ukwaju husaidia kuichangamsha ladha iliyopooza, ila si kwa mwenye vidonda mdomoni, kwa maana vitamchoma. Kabla ya kula asukutue kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea keki na nusu ya kiasi hicho cha chumvi, kisha ateme. Soda hiyo si hamira, wala si magadi.

Kupoza chakula kuna mpaka wake. Chembechembe nyeupe za damu hushuka sana, kwa dawa hizi kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, na mwili hukosa kinga dhidi ya vijidudu vya chakula kilicholala. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, saa moja inatosha. Kinachobaki kiingie kwenye friji. Mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa, mayai yaive kabisa, na matunda yaoshwe kwa maji safi kisha yamenywe.

Nyumba zetu, hasa za pwani, zina harufu nyingi nzuri ambazo kwa mgonjwa zinageuka adha: udi na ubani jioni, marashi kwenye kanga, manukato ya mgeni, sabuni ya unga, moshi wa mkaa. Mgeni anayekuja kumjulia hali asijipulizie chochote siku hiyo, na mwenyeji asione haya kumwomba hivyo. Nguo na mashuka yafuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali. Asifukiziwe udi ili kufunika harufu anayoilalamikia, kwani harufu mbili zitakuwa mzigo maradufu. Dirisha lililofunguliwa linafaa zaidi.

Kuna pia hatari isiyozungumzwa. Pua iliyodhoofika haiwezi kulinda nyumba. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ule mnuko tunaousikia hutiwa makusudi ili tujue mtungi unavuja, na mgonjwa anaweza asiusikie kabisa. Kama yeye ndiye mpishi, mtu mwingine akague mtungi na mpira wake, na valvu ifungwe kila baada ya kupika. Chakula cha jana nacho mwingine akinuse kwanza.

Si kila badiliko la ladha ni la kuvumiliwa nyumbani. Utando mweupe mdomoni huweza kuwa fangasi, ambayo ina dawa yake, na ladha huboreka ikitibiwa. Vidonda vinavyomzuia kumeza, kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, au homa ya nyuzi 38 na kuendelea ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Apimwe uzito kila wiki kwa mizani ile ile. Mama wetu wa kilo 60 akipoteza kilo tatu ndani ya mwezi, yaani asilimia tano, daktari na mtaalamu wa lishe waambiwe bila kusubiri kliniki ijayo.

Anayetumia dawa nyingine za muda mrefu anaweza kujiona katika haya. Metformini ya kisukari huweza kuleta ladha ya chuma, na metronidazoli, hata kwa siku chache, hufanya vivyo hivyo. Mbinu za jikoni zinamfaa naye, lakini asiache dawa wala kupunguza kipimo kwa sababu ya ladha. Amweleze daktari, maana mara nyingine kubadili dawa au saa ya kuimeza kunawezekana. Vidonge vya zinki, ambavyo baadhi huvinunua dukani wakitumaini kurudisha ladha, vilipopimwa kwa wagonjwa wa kemotherapia havikuleta faida ya kutegemewa.

Dawa zikiisha, kwa wengi ladha na harufu hurudi ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu hivi, kulingana na muda ambao seli huhitaji kuzaliwa upya. Waliopigwa mionzi kichwani au shingoni husubiri zaidi. Kwa anayechelewa lipo zoezi lililoelezwa mwaka 2009 na Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani: kunusa harufu nne, za waridi, limau, mkaratusi na karafuu, kila moja kwa sekunde kama kumi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Zote zinapatikana kwetu, na karafuu ya Unguja na Pemba ni ya kuokota. Zoezi hilo lilipimwa hasa kwa watu waliopoteza harufu kwa sababu nyingine, kama mafua makali, kwa hiyo asiahidiwe muujiza. Na asilianze wakati kichefuchefu kingalipo, kwa sababu tumekwisha kuona ubongo unavyofanya na harufu inayokutana na tumbo lililochafuka.

Kwa chakula ambacho tayari kimechukiwa, pua kupona peke yake hakutoshi. Lazima ubongo upewe ushahidi mpya. Ichaguliwe siku ambayo tumbo limetulia kabisa. Apewe kijiko kimoja kilichopoa, akiweke mdomoni, ameze au ateme apendavyo, na mlo wake wa kawaida uwe pembeni ili asihisi kwamba hana kingine. Baada ya siku chache arudie vijiko viwili. Kila kijiko kisichofuatwa na kichefuchefu hupunguza ile hukumu ya zamani. Anayemlazimisha amalize sahani humtia ubongo ushahidi wa upande wa pili, na kazi yote huanza upya.